Adui aliyeuliza mlikuwa wapi mwezi wa pili

Dadu ilikuwa mkononi mwake na hakuirusha.

Namsema yule anayecheza Chande, mpiga mishale wetu kwenye D&D, gemu ya mezani ambayo kila mchezaji anaigiza mhusika wake, na mimi mwendesha gemu nasimulia na kuwasemea maadui. Kwa kipindi chote tulichocheza pamoja sijawahi kumwona akimsikiliza adui zaidi ya sentensi moja, kwake yeye adui akifungua mdomo ni nafasi ya kulenga shingo. Siku hiyo umeme umekatika, tuko barazani kwangu Chikongola, taa ya simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji, sahani ya ming'oko imebaki maganda, na jamaa anaigeuza dadu vidoleni kama mtu anayehesabu tasbihi. Mwisho akamgeukia Mwalimu, anayecheza Somoe, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Sasa tunafanyaje?"

Mwalimu hakumjibu.

Nilipaswa kufurahi, maana nilikuwa nimetafuta kimya hicho mwaka mzima. Sasa ni wiki ya tano, kimya kile bado kinanisumbua, na ndo maana naandika.

## Hotuba ya mgeni rasmi

Nianze na aibu. Adui wangu mkuu wa kwanza, mchawi mmoja wa mapangoni, nilimwandikia kurasa mbili. Nilikuwa na kila kitu mle, utoto wake, usaliti, falsafa yake kuhusu mauti, mpaka methali. Akafika kwenye "Mnadhani nyinyi ni mashujaa," akapigwa mshale.

Nikalalamika, jamani si mngemwacha amalize. Chande akanijibu kitu ambacho sikuwa na jibu lake. Kwenye D&D raundi moja ya mapigano ni sekunde sita, na kwenye zamu yako unaruhusiwa kusema maneno mafupi tu wakati unafanya mambo yako. Hotuba yangu niliipima baadaye kwa saa ya simu, dakika mbili na sekunde arobaini. Yaani raundi 26 na ushee. Mtu amesimama mbele ya watu wanne wenye silaha kwa raundi 26 anasimulia utoto wake, halafu mi nawalaumu wao kwa kumpiga.

Nikapunguza maneno. Nikamjaribishia mke wangu jikoni, akasikiliza huku anakuna nazi, kisha akauliza, "Huyu anaomba kura?"

Nilicheka ila iliniuma, kwa sababu ndo ilivyokuwa. Maneno yalikuwa ya kumfanya adui aonekane mkubwa. Hayakuwa na kitu chochote cha kumfanya anayesikiliza apate kazi ya kufanya kichwani. Mgeni rasmi anaongea, we unasubiri soda.

## Bwana Pishi

Kampeni hii ya sasa, yaani hadithi tunayoicheza kikao baada ya kikao, nimeiweka kwenye pwani ya kubuni inayofanana sana na ya kwetu, majahazi, mikoko, kusi na kaskazi. Kuna kijiji kinaitwa Mkunguni. Huko adui ni mfanyabiashara anaitwa Bwana Pishi. Njaa ikiingia mwezi wa pili anafungua ghala lake na kutoa nafaka, ila hapokei pesa, anachukua kivuli cha mtu. Vivuli vinapiga makasia usiku kwenye majahazi ya watu wakubwa, na mwenye kivuli anabaki hapati usingizi, anazeeka haraka, mtu wa miaka thelathini unamwita babu.

Watu wa Mtwara na Lindi mshajua nilikoitoa. Ndiyo, ni kangomba, ile ya mtu kukufuata nyumbani wakati huna kitu, anakupa hela kidogo leo, korosho zako za msimu ujao zinakuwa zake kwa bei ya kutupa. Kivuli nilikiweka tu ili isifanane sana.

Nilidhani imefichika vizuri.

Sasa swali lilikuwa hili: kikundi kinaingia ghalani kumuua, wameahidiwa malipo, wameona wazee wa miaka thelathini, wana hasira. Ataongea nini huyu mtu ili wasite? Sikutaka awashawishi wala kuwageuza, nilitaka mkono tu usimame kidogo njiani.

## Rasimu zilizokufa

Rasimu ya kwanza nilimpa historia ya huzuni, eti na yeye aliwahi kulala njaa akafiwa na mama. Nikaifuta. Wachezaji wanaihurumia historia ya namna hiyo kwa sekunde tatu halafu wanasema pole, napiga. Haibadilishi chochote kuhusu kesho. Ukimuua mtu mwenye historia ya huzuni unabaki na maiti yenye historia ya huzuni, basi.

Rasimu ya pili ikasema, "Mkiniua, vivuli vyote vitakufa pamoja nami." Hii nilikaa nayo siku kadhaa kwa sababu inafanya kazi, kweli watasita. Ila watasita kama mtu anayesita mbele ya bomu, na kitakachofuata ni maswali ya kifundi, tunaweza kumfunga? tunaweza kumlaza usingizi? kuna uchawi wa kutenganisha? Hayo ni mateka tu, na mateka ni fumbo la kutegua. Mimi nilitaka wasite kwa sababu hawana uhakika kama wao ndo wako sahihi.

Rasimu ya tatu ndo iliyokaribia. Nilimpa hoja, "mimi ndiye niliyewalisha." Hoja nzuri. Ila nikaisoma kwa sauti na nikasikia Chande kichwani anasema, "Muongo huyu." Na ana haki, kwa nini amwamini? Adui anayejisifia bila ushahidi anahesabika muongo tangu asubuhi.

Hapo ndo nikaelewa kwamba kazi yenyewe inafanyika kabla ya hotuba, vikao viwili au vitatu nyuma. Ninachotaka adui akiseme, wachezaji wawe wameshakiona kwa macho yao bila yeye kuwepo, na wakati ule kisionekane kama ni cha kwake.

Kwa hiyo nilirudi nyuma nikapanda vitu vitatu. Vikao viwili kabla, kikundi kilipita kijiji cha jirani ambacho Bwana Pishi hakufika, nikawaelezea makaburi mapya kando ya njia, wakayahesabu wenyewe, thelathini na moja. Walifikiri ni kazi ya zimwi, wakatafuta zimwi kikao kizima. Walipofika Mkunguni nikawapitisha makaburini tena, mapya yalikuwa mawili, hakuna aliyesema kitu. Cha pili, magunia yenye muhuri wa nanga, ambao walishauona bandarini kwenye jahazi lililobeba watu waliofungwa minyororo. Cha tatu, Bi Nangu, mama mwenye watoto saba aliyewapikia uji. Waliula uji ule na kumshukuru sana. Hakuna aliyeuliza unga umetoka wapi.

## Alichosema

Niliamua wamkute mchana, ghala liko wazi, foleni ya watu wenye vikapu, na yeye anapima. Walinzi hamna. Hii iliokoa nusu ya maneno, kwa sababu mwenye kutaka kupiga mshale atapiga mbele ya foleni.

Na nikaikata hotuba vipande vinne, kila kipande kifupi kiasi kwamba mtu akitaka kumkatisha ataona hamna cha kukatisha, ameshanyamaza mwenyewe anaendelea kupima. Hii hapa yote kama nilivyoisoma:

"Karibuni. Subirini nimalize huyu mama, ana watoto saba."

(Nikanyamaza. Mwalimu akauliza ni Bi Nangu? Nikasema ndiyo, ameinamisha kichwa, hawaangalii.)

"Najua mmetumwa kuniua. Mwezi wa pili mlikuwa wapi?"

(Hapa nilinyamaza zaidi. Chande alishaishika dadu.)

"Nimechukua vivuli mia na arobaini, sikatai. Mmepita makaburini mkija huku, mmeona mangapi mapya? Na kule kwa jirani zetu, mliona mangapi?"

(Nikasubiri waseme namba wenyewe. Aliyeisema ni mganga wetu, kijana mpole ambaye huwa haongei. "Thelathini na moja." Alisema kama anakiri kosa.)

"Someni muhuri kwenye gunia. Hili daftari nimeliweka dhamana kwa wenye majahazi. Nikifa leo, jioni maji yakijaa wanakuja kulichukua. Mimi nachukua kivuli, wao wanachukua mtu. Siwaombi mniache. Fungueni ukurasa wowote, mtaje jina moja, mniambie huyo mngemlisha nini."

Basi. Ukiondoa vinyamazo ni kama dakika moja. Mwishoni nilimfanya asukume daftari mbele yao na arudi kwenye mizani, na hapo ndo dadu ilipobaki mkononi.

Angalieni yale maswali, kwa sababu nadhani ndo yaliyobeba kazi. "Mliona mangapi" lina jibu, na jibu wanalo wao. Akitamka namba mchezaji mwenyewe, hawezi tena kusema adui ni muongo, ameshakuwa shahidi wake. Na lile la mwisho ni ombi dogo, la kijinga karibu, kufungua ukurasa tu. Angewaomba waondoke wangekataa kwa kiburi.

Kitu kingine, kikomo. Nilishawahi kuona kikundi kikibishana saa nzima mpaka watu wanaangalia simu, kusita kukageuka kukwama. Maji kujaa jioni niliyaweka kwa ajili hiyo. Wakizidi kubishana nasema tu, mawimbi yamefika ngazi ya pili ya gati.

## Walipopima kama anasema kweli

Mganga akaomba kurusha dadu kusoma nia yake. Kwenye D&D kuna jaribio la namna hiyo, unarusha ya pande 20, unaongeza uwezo wako, unalinganisha na kiwango alichoweka mwendesha gemu. Nilikuwa nimeweka 15. Akapata 17.

Hapa ndipo waendesha gemu wengi tunaharibu, mi mwenyewe nimeharibu mara nyingi. Mtu akifaulu unataka kumpa zawadi, na zawadi rahisi ni kumwambia "umegundua anadanganya." Nilikuwa nimeandaa hata hiyo, toleo ambalo Bwana Pishi ndiye aliyeileta njaa kwa uchawi. Ningelisema pale, wangeshusha pumzi wote wanne, silaha juu, twende. Msito wote ungeyeyuka na ingekuwa haki yao, kwa sababu adui aliyesababisha njaa halafu akajisifu kwa kulisha si kitendawili tena.

Nililifuta toleo hilo usiku uliotangulia. Badala yake nilimwambia mganga hivi: hasemi uongo, hata neno moja. Ila kila mkono wake unapopita kwenye safu ya bei katika daftari, anaifunika. Unaona kwamba anajua angeweza kuchukua nusu ya kivuli na bado akapata faida.

Hilo ndo lililomwacha akiwa adui. Ukimpa hoja ya kweli bila kumbakishia dhambi ya kuchagua, kikundi kinajiunga naye, na hapo umeandika mgombea, mke wangu alishaniambia. Dhambi yake iwe kwenye kiasi, sehemu ambayo alikuwa na nafasi ya kufanya tofauti na hakufanya. Alilisha, kweli. Alilisha kwa bei ile kwa sababu hakuna aliyemzuia.

Walibishana kama dakika kumi. Chande alitaka wamuue na wapigane na majahazi jioni. Mganga alitaka wanunue daftari. Mwalimu alikuwa kimya muda wote, halafu akasema Somoe anakaa chini kwenye gunia, hafanyi kitu. Tukaahirisha.

## Alichoniuliza akivaa viatu

Mwalimu alibaki nyuma, wenzake walishatangulia kwenye bodaboda. Akaniuliza, "Kaka, hii umeitoa kwetu?"

Nikasema hapana, hii ni ya kila mtu huku.

Akasema baba yake aliweka mikorosho yote kwa mtu mmoja mwezi wa kwanza, mwaka yeye alipochaguliwa kwenda fomu wani. Msimu ulipofika wakaokota, wakakausha, wakafunga magunia, wakayapeleka kwa yule mtu, hawakubaki na kilo. "Yule mtu ndiye aliyenipeleka shule," akasema. "Na baba hajamsamehe mpaka leo. Na mimi sijui." Akafunga kamba ya kiatu cha pili. "Ulipouliza mwezi wa pili mlikuwa wapi, nilijibu moyoni, nilikuwa darasani."

Nikamwambia pole Mwalimu, kama nimekuumiza tubadilishe, tunaweza kumwondoa Bwana Pishi kabisa. Akasema usimwondoe. Akaondoka.

Ambacho sikumwambia ni kwamba ile sentensi sikuitunga.

Ni ya mjomba wangu. Alikuwa mtu wa kangomba, anazunguka vijijini na bakuli lake la kupimia korosho na pikipiki, miaka mingi, stakabadhi ghalani ipo tangu 2007 na kila mtu anajua korosho ziende chama cha msingi kisha mnadani, yeye anazunguka. Mwaka 2018 serikali iliponunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na uhakiki ukapita, akaulizwa shamba lako liko wapi. Hakuwa nalo. Magunia yalikuwepo, shamba hamna. Jioni ile barazani kwake, ndugu wanamsema, mama yangu anamsema zaidi, akawa anarudia hilohilo, nyie mnanisema, mwezi wa pili mlikuwa wapi, nani alikuja kuwagongea hawa watu mlango mwezi wa pili zaidi yangu.

Hakuna aliyemjibu. Na mimi nilikuwepo, na ada yangu ya chuo ilikuwa imetoka kwenye bakuli lile.

Kwa hiyo nimekuwa najiuliza wiki zote hizi. Nilipokaa nakata sentensi na kupima sekunde, nikajisifu kwamba nimejifunza kuandika adui, nilikuwa naandika adui kweli au nilikuwa namtetea mjomba mbele ya watu wasiojua kwamba ni kesi? Ile dhambi ya kiasi, ile safu ya bei aliyoifunika kwa mkono, niliiweka usiku wa mwisho kabisa. Bila hiyo, Bwana Pishi alikuwa anashinda. Nadhani nilitaka ashinde.

Na hotuba ilifanya kazi kwa Chande na mganga kwa sababu ya makaburi na muhuri, mambo niliyoyapanda. Kwa Mwalimu ilifanya kazi kwa kitu ambacho sikukipanda mimi, na kusita kwake sidhani kama kulikuwa mchezo. Siku hizi kabla ya kikao nawauliza wote, kuna jambo mngependa tusiliguse? Swali la dakika moja. Ningeliuliza mwanzo. Ingawa nikiwa mkweli, sijui kama yeye angelitaja.

## Jumamosi iliyopita

Tulikaa tena. Nilimleta Bwana Pishi palepale, kwenye mizani, foleni ileile, mawimbi ngazi ya pili. Nikauliza mnafanya nini.

Mwalimu akasema Somoe anainuka kwenye gunia, anachukua daftari, anafungua ukurasa. Akataja jina. La mwanamume, jina la kawaida la huku, hakusema ni nani na sikumwuliza.

"Umeniuliza huyu ningemlisha nini," akasema, anamwangalia Bwana Pishi, yaani mimi. "Maembe. Angekula maembe mpaka mahindi yakomae, kama tulivyokula sisi. Asingekufa. Rudisha kivuli chake."

Chande akaweka dadu chini taratibu.

Jibu nilikuwa nalo, halikuwa kwenye karatasi ila nilikuwa nalo tayari mdomoni, la mjomba, maneno mawili tu. Na ada?

Nikalimeza. Nikamwambia Mwalimu arushe dadu.